Mgeni Darasani na Maswali ya Watoto

Skuli zetu, na hata vyuo vyetu vya Kurani, zimezoea siku hizi kumwalika mtu wa kazi fulani aje azungumze na watoto. Mara huja muuguzi, mara fundi wa mashua, mara mkulima wa karafuu, mara kijana aliyesoma skuli ile ile na sasa yuko chuo kikuu. Desturi hii ni njema, nasi hatuna la kuipinga. Tunalotaka kulisema leo ni habari ya yale yanayotokea baada ya mgeni kuingia mlangoni.

Mara nyingi mambo huenda hivi. Mwalimu humsifu mgeni kwa maneno marefu. Mgeni naye husimama mbele ya ubao akaeleza maisha yake tangu kuzaliwa, vyeti alivyopata, na nasaha nyingi za kufaulu duniani na akhera. Zikibaki dakika mbili kengele ilie, husema, "Haya, nani ana swali?" Darasa zima hunyamaza. Mwalimu akiona haya humwinua mtoto mmoja wa safu ya mbele, naye huuliza swali alilofundishwa tangu jana. Makofi hupigwa, mgeni huondoka, na njiani hujiambia kwamba watoto wa siku hizi hawana hamu ya kujua.

Mgeni huyo amekosea hesabu. Watoto wale walikuwa na maswali, tena mengi, na ushahidi wake ni kwamba wakitoka nje tu huanza kuulizana: "Umeuona mkono wake? Ulikatwa na nini?" Maswali yalikuwamo, kilichokosekana ni njia ya kuyatoa. Tumekusudia kueleza njia hiyo hapa, kwa faida ya yeyote ambaye siku moja ataitwa darasani, awe mzee au kijana.

Kwa nini mtoto hunyamaza

Iko hadithi mashuhuri katika mlango wa elimu wa Sahihi Bukhari, aliyoisimulia Abdullahi bin Umar (R.A.). Bwana Mtume (S.A.W.) aliwauliza Masahaba juu ya mti mmoja usiopukutisha majani, mti unaofanana na Mwislamu, akawataka wautaje. Fikira za watu zikaenda kwenye miti ya nyika. Ibn Umar, aliyekuwa bado kijana mdogo, alihisi moyoni mwake kwamba mti wenyewe ni mtende. Asiseme neno. Alitazama akaona kwamba yeye ndiye mdogo kuliko wote waliokuwapo, na wakubwa wamenyamaza, akaona haya. Mtume mwenyewe ndiye aliyewaambia kwamba ni mtende. Baadaye Ibn Umar alimweleza baba yake, Sayyidna Umar, yaliyompitia moyoni, na baba akamwambia kwamba lau angalisema, lingalikuwa jambo la kumfurahisha kuliko mali nyingi.

Tuitazame vizuri habari hii. Pale hapakuwa na mwalimu mkali wala bakora. Aliyeuliza alikuwa mpole kuliko watu wote, na kijana mwenyewe alikuwa na jibu sahihi kabisa. Hata hivyo aliishika kimya. Kilichomzuia hakikuwa ujinga, wala hofu ya kuadhibiwa. Ni kuwapo kwa wakubwa na ule ukimya wao. Ikiwa ilikuwa hivyo katika baraza ile, itakuwaje kwa mtoto wa miaka kumi aliyekaa safu ya nyuma, mbele yake mgeni asiyemjua, pembeni mwalimu wa darasa, na mlangoni mwalimu mkuu ameshika mikono nyuma?

Basi kazi ya mgeni ni kuupunguza uzito wa wakubwa ndani ya chumba. Kumwambia mtoto "usiogope" hakutoshi, kwa kuwa mtoto akiambiwa asiogope hujua kwamba pana la kuogopwa. Uzito huo hupunguzwa kwa vitendo vidogo, na vitendo hivyo vina mpango wake.

Kabla ya kuingia

Ili maneno yetu yasielee hewani, tuchukue mfano mmoja na tuufuate mpaka mwisho. Tuseme mgeni ni nahodha mzee aliyestaafu, ameitwa kuzungumza na Darasa la Nne katika skuli ya mji wa pwani. Watoto ni 45. Kipindi ni cha dakika 40.

Jambo la kwanza nahodha afanye ni kuonana na mwalimu siku chache kabla. Amwombe mambo matatu. Kwanza, siku ile amtaje kwa maneno machache tu: jina lake, kazi yake, na atokako, basi. Pili, asiwaambie watoto yale maneno tuliyoyazoea, "Msituaibishe mbele ya mgeni." Maneno hayo hufunga vinywa kabla mgeni hajafungua chake, kwani mtoto akisikia hivyo huelewa kwamba swali baya ni aibu ya skuli nzima, na kwa kuwa hajui lipi ni baya, huona salama zaidi kutouliza lolote. Tatu, mwalimu akae nyuma ya darasa, wala asikae mbele kando ya mgeni. Na mwalimu mkuu, akiwa amekuja kumkaribisha mgeni, amkaribishe kisha aende zake kwa wema.

Amwulize pia jambo la nne, nalo ni zito: je, darasani mna mtoto aliyefiwa kwa sababu ya bahari? Katika visiwa vyetu hilo si swali la bure. Meli ya Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba mwezi wa Septemba 2011, na mwezi wa Julai 2012 ikazama Skagit. Nyumba nyingi zilibaki na pengo, na watoto waliozaliwa baadaye hukua wakisikia habari za jamaa wasiowahi kuwaona. Muuguzi angeuliza habari za ugonjwa, na zimamoto angeuliza habari za moto. Mgeni anayejua mapema hatashituka mbele ya watoto.

Salamu

Imepokewa kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba alipita penye watoto akawatolea salamu, akasema kwamba ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akifanya. Mkubwa ndiye aliyeanza. Hapo pana fundisho kwa mgeni: asisubiri kusalimiwa kama mkaguzi.

Desturi ya madarasa yetu ni kwamba mgeni akiingia watoto wote huinuka kwa kishindo na kuimba salamu kwa sauti moja. Desturi hiyo ina adabu yake, nasi hatusemi iondolewe. Mgeni aipokee, aitikie kikamilifu, kisha awaombe wakae, na yeye mwenyewe akae. Hili la kukaa lina maana kubwa kuliko lionekanavyo. Mtu mzima akisimama, mtoto aliye kwenye dawati humtazama kama atazamaye mnazi. Akiketi kwenye kiti kifupi, macho yao hukaribiana, na sauti ya mgeni hushuka yenyewe. Darasa likiwa limekaa sakafuni, kiti kiwe kifupi zaidi, au naye akae mkekani kama miguu yake inamruhusu.

Kisha awaambie wamwite nani. "Jina langu mmelisikia. Nyumbani wajukuu huniita Babu, nanyi niiteni Babu." Mtoto asiyejua amwite mgeni kwa jina gani hushindwa kuanza hata sentensi ya kwanza, na maswali mengi hufia hapo hapo.

Baada ya hayo aseme mara moja, mwanzoni kabisa, nini kitafuatia: "Nimekuja na kitu kimoja. Nitawaonyesha, nitasema kidogo, kisha muda mwingi utakuwa wenu wa kuniuliza." Mtoto aliyeambiwa mapema kwamba ataulizwa maswali yake husikiliza akiyatafuta. Aliyeambiwa mwishoni hana la kutafuta, kwa kuwa habari zimekwisha kupita.

Haya yote yasizidi dakika tatu.

Kitu kimoja, si vingi

Nahodha aliyesafiri miaka 40 ana mengi: pepo za kaskazi na kusi, nyota, bandari, dhoruba, bei za mizigo. Akiyamwaga yote, mtoto hufanywa kama mtungi wa ratili moja uliotiliwa pishi. Kinachozidi humwagika, na kilichomo hutibuka. Ibn Mas'ud (R.A.) alikuwa akiwaidhi watu kila Alhamisi. Mtu mmoja alipotamani awaidhi kila siku, alimjibu kwamba anachelea kuwachosha, na kwamba Mtume (S.A.W.) naye alikuwa akiwachagulia Masahaba nyakati za mawaidha kwa kuchelea wasichoke. Ikiwa watu wazima wenye shauku ya dini walipimiwa, mtoto apimiwe zaidi.

Basi nahodha wetu aje na kitu kimoja kinachoshikika. Tuseme amekuja na bildi, yaani kile kipande kirefu cha risasi kifungwacho kamba, ambacho mabaharia walipimia kina cha maji kabla ya vyombo vya umeme, na ambacho wengine wanacho hata leo kwa tahadhari. Aiweke juu ya meza, kamba yake imeviringwa, asiseme jina lake kwanza. Aache watoto waitazame kwa muda. Chini ya bildi pana tundu, nalo watoto wataliona.

Kisha aeleze kidogo, kwa dakika saba hivi. Aseme kwamba usiku wa giza, au penye maji ya mchanga, nahodha haoni chini. Mtu husimama ubavuni mwa chombo akairusha bildi mbele, na kamba inaposimama wima bildi ikiwa imegusa chini, husoma alama za kamba ajue kina ni pima ngapi. Pima moja ni mikono miwili iliyonyoshwa ya mtu mzima, kadiri ya mita 1 na sentimita 83. Amwite mtoto mmoja na mwalimu wao wanyoshe mikono, darasa lione tofauti. Na hapo anyamaze. Habari ya tundu asiigusie.

Msomaji ataona kwamba tumemzuia nahodha kusema lile lililo tamu kuliko yote. Ni kweli, na tumefanya hivyo kwa makusudi. Mgeni anayeeleza kila kitu huwaachia watoto makofi tu ya kupiga. Anayebakiza kitu kimoja kinachoonekana kwa macho huwaachia jambo la kuuliza. Ila kilichobakizwa kiwe karibu, waweze kukiona wenyewe; kisiwe kitendawili cha kuwanasa.

Hapa tuongeze tahadhari mbili. Bildi ni nzito, hivyo isipitishwe mikononi mwa watoto ikawaangukia miguuni. Iwekwe mezani au sakafuni, nao waje wachache wachache. Tena risasi ni madini yenye sumu. Atakayeishika aoshe mikono kwa sabuni kabla hajala kitu.

Kimya kinachofaa

Sasa umefika wakati wa maswali, na hapa ndipo wageni wengi huharibu.

Kosa la kwanza ni kuuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima litajibu "Ndiyoo!" kwa sauti ya kupasua bati, na mgeni hatajua lolote. Jibu hilo ni mwitikio, kama "Amina". Halina habari ndani yake. Vivyo hivyo "Kuna swali?" hujibiwa "Hakunaa!", na mlango umefungwa kwa komeo.

Kosa la pili ni haraka. Bibi Mary Budd Rowe, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alisikiliza kanda nyingi za masomo darasani, na katika maandishi yake ya mwaka 1974 alieleza kwamba walimu wakishauliza jambo hungoja kadiri ya sekunde moja tu, kisha hurudia, au humwita mwingine, au hujijibu wenyewe. Walipofundishwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, wale waliosema "sijui" au kunyamaza walipungua, na watoto wenyewe wakazidi kuuliza maswali. Tofauti ya sekunde mbili tu ilileta yote hayo. Kwa mtu mzima aliyesimama mbele ya watu, sekunde tatu za kimya ni ndefu kama saa. Kwa mtoto anayepanga maneno yake, ni kufumba na kufumbua.

Mgeni tumwongezee. Yeye si mwalimu wa kila siku, na watoto hawamjui; angoje zaidi ya hapo. Njia nyepesi ni kuvuta tasbihi moyoni pole pole, mara kumi, huku uso umetulia na macho hayamkodolei mtoto yeyote. Asicheke kwa wasiwasi, wala asiseme, "Msiogope jamani."

Lakini kungoja peke yake hakutamfungua yule wa safu ya nyuma. Dawa yake ni kuwapa watoto nafasi ya kusema swali kwa sauti ndogo kabla ya kulisema kwa sauti kubwa. Mwalimu wa Kimarekani, Frank Lyman, aliieleza njia hii mwaka 1981, nayo imeenea sana: mtoto hufikiri peke yake, kisha huzungumza na mwenziwe, kisha ndipo darasa zima husikia. Nahodha aseme: "Geukianeni wawili wawili. Tafuteni jambo moja mnalotaka kulijua juu ya kitu hiki au kazi yangu. Liandikeni kwenye kipande cha karatasi. Jina msiandike." Awape dakika tatu. Watoto 45 watakuwa jozi 21 na kundi moja la watatu. Basi karatasi zitakuwa 22.

Faida yake ni hii. Swali sasa si la mtoto mmoja. Ni letu sisi wawili, na aibu ikija itagawanywa. Tena mtoto ameshalisikia likitamkwa, na mwenziwe hakucheka. Kelele zitazuka kidogo darasani, na mwalimu aliye nyuma atataka kuzinyamazisha. Amwachie mgeni. Kelele hizo ndizo dalili ya kwanza kwamba kazi inafanikiwa. Ikiwa baada ya dakika moja darasa bado kimya, basi mgeni ajue kwamba amesema mengi mno, au kwamba kitu alicholeta hakikuwashika; awaite waje waitazame bildi kwa karibu, kisha warudi.

Kwa watoto wa Darasa la Kwanza au la Pili karatasi haifai, kwani kuandika kwenyewe kutawashughulisha. Wao waambizane tu, au wachore.

Swali linapokuja

Dakika 22 hivi zimebaki kwa maswali. Kila swali na jibu lake, pamoja na kimya, huchukua kama dakika mbili. Basi maswali yatakayojibiwa kwa sauti hayatapita kumi au kumi na moja. Mgeni aujue ukomo huu tangu mwanzo, asitumie dakika nane kwa swali la kwanza.

Kwa kawaida maswali ya mwanzo huwa ya mtu mwenyewe: "Babu una miaka mingapi?" "Una watoto wangapi?" "Ulikuwa ukilipwa shilingi ngapi?" Mwalimu atakunja uso, naye mgeni asiukunje wake. Mtoto anapima kina, kama vile bildi: anarusha kitu chepesi aone mgeni atafanyaje. Ajibiwe kwa ufupi na kwa ukweli: "Miaka sabini na miwili. Watoto sita. Ama malipo, msimu mmoja yalitosha, mwingine hayakutosha." Wenzake wakiona ametoka salama, maswali ya kina yatafuata.

Kisha litakuja lile la tundu. Tuseme msichana mmoja wa safu ya nyuma amesoma karatasi yake kwa sauti hafifu: "Kwa nini hicho kitu kimetobolewa chini?" Nahodha afanye mambo matatu, kwa mpango huu.

Kwanza alirudie swali kwa sauti, ili wote wasikie, na alirudie kwa maneno ya mtoto mwenyewe: "Anauliza, kwa nini kimetobolewa chini." Asimsahihishe, wala asiligeuze likawa swali kubwa la kitaalamu. Mtoto akisikia maneno yake yamebebwa na mtu mzima kama yalivyo, hujua kwamba yalikuwa na thamani.

Pili, asimrudishie. Wageni wengi hupenda kusema, "Je, wewe unadhani kwa nini?" Hiyo ni njia njema mwalimu akizungumza na mwanafunzi wake aliyezoeana naye. Lakini mtoto aliyejikaza kwa shida akauliza, kisha akageuziwa swali peke yake mbele ya watu 45, hujiona amefikishwa kwa kadhi. Mgeni akitaka watoto wafikiri, alipeleke swali kwa wote: "Nani anadhani nini?" Apokee mawili matatu, asimkemee aliyekosa, ndipo ajibu.

Tatu, ajibu kwa ufupi: "Katika tundu hilo tulishindilia shahamu, mafuta ya mnyama. Bildi ikigusa chini, shahamu hunata kile kilichopo. Ikipanda na mchanga, najua chini ni mchanga. Ikipanda na tope, ni tope. Ikipanda safi, au imebonyea, najua chini ni mwamba. Penye mchanga au tope nanga hushika. Penye mwamba, nanga yaweza kuteleza, nami nitalala macho." Maneno hayo hayafiki hata dakika moja. Akishamaliza amtazame yule msichana, asimwulize "Umeelewa?", bali amwache. Yamkini ataongeza, "Na ikipanda na kombe?" Hapo mgeni amefaulu, kwani swali la pili la mtoto yule yule ndilo cheti cha jibu la kwanza.

Aweke na sheria moja mapema: hapana mtu kuuliza mara ya pili kabla ya safu nyingine kupata zamu, isipokuwa ni swali lililozaliwa na jibu lake mwenyewe. Bila sheria hii wavulana watatu wa mbele watakula muda wote. Na mtoto akichekwa kwa swali lake, mgeni asihutubie juu ya ubaya wa kucheka. Ajibu swali lile kwa uzito uleule aliojibia mengine, na kicheko kitakufa chenyewe.

Akiulizwa asilolijua, aseme hajui. Wanavyuoni wamesema tangu zamani kwamba neno "sijui" ni nusu ya elimu, na Imam Malik, pamoja na ukubwa wake, alijulikana kwa kulisema mara nyingi. Mtoto aliyemsikia mzee wa miaka sabini akisema "sijui" amejifunza jambo asiloweza kulisoma ubaoni.

Swali zito

Katika zile karatasi, hapana budi moja itauliza: "Chombo chako kimewahi kuzama? Watu walikufa?"

Hapa ndipo faida ya kuonana na mwalimu mapema huonekana. Mgeni asilikwepe swali, wala asilifanyie mzaha, kwani watoto wote watajua kwamba limekwepwa. Ajibu kwa maneno matatu manne ya kweli: kwamba ndiyo, aliwahi kuona chombo kikizama, kwamba walifiwa, na wakawaombea dua, kwamba wengine waliokolewa, na waliokolewa kwa sababu fulani. Kisha aeleze sababu hiyo: jaketi za kuokolea, au chombo kingine kilichokuwa karibu, au kutopakia kupita kiasi. Habari za maiti na vilio aziache kabisa. Mtoto anataka kujua kama bahari ni ya kuaminiwa na kama watu wazima wana la kufanya. Hahitaji picha ya kulala nayo usiku.

Na kama mtoto mwenyewe atasema, "Babu yangu alizama," mgeni asimhoji. Asimwulize lini, wapi, alikuwa nani. Ashushe sauti, amwombee marehemu rehema, amshukuru mtoto kwa kuwaambia, angoje kidogo, ndipo aendelee. Baada ya kipindi amjulishe mwalimu, ambaye ndiye atakayekuwapo kesho na kesho kutwa. Mgeni atakuwa amekwenda, na jeraha lililofunguliwa na mgeni halifai kuachwa bila mwangalizi.

Kuaga

Zikibaki dakika tano, mgeni aache kuita maswali hata kama mikono bado iko juu. Ni afadhali kuondoka watoto wakitaka zaidi kuliko kungoja waanze kutazama mlango.

Karatasi 22 ziliandikwa, na zilizojibiwa ni kumi tu. Hizo kumi na mbili zilizobaki zisitupwe. Nahodha azikusanye mbele ya watoto, azitie mfukoni, aseme atafanya nini nazo: ataandika majibu mafupi na kumpa mwalimu kabla ya Ijumaa inayokuja. Aahidi lile tu aliwezalo, kisha alitimize. Wale watoto ishirini na zaidi ambao hawakusikia swali lao likisomwa wanamtazama kwa makini kuliko wale waliojibiwa, na ahadi ikivunjwa, mgeni mwingine atakayekuja baadaye ndiye atakayelipa kwa kimya chao.

Asifunge kwa hotuba. Maneno mawili ya shukurani yatosha, na salamu ya kuagia kama alivyotoa ya kuingilia.

Jioni mtoto akirudi nyumbani, baba na mama, msimwulize, "Mgeni amekufundisheni nini?" kwa kuwa atajibu "Mambo mengi" na mazungumzo yataishia hapo. Mwulizeni, "Karatasi yenu mliandika nini?" Kisha mngojeni. Vuteni tasbihi moyoni mara kumi. Yamkini aliyekaa kimya darasani, akaona haya mbele ya wakubwa kama Ibn Umar alivyoona, atalisema swali lake hapo mkekani, nalo likawa swali zuri kuliko yote yaliyosomwa siku ile.

Wabillahi taufiki.